Ku ya zimwi: kulisoma jedwali la vitenzi bila kupotea

Mwanafunzi wangu mmoja, mgeni aliyekuwa na miezi minne Unguja, alikuja darasani asubuhi na picha ya kanga kwenye simu yake. Kanga yenyewe aliiona imeanikwa uani kwa mama mwenye nyumba wake, na chini ilikuwa imeandikwa: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Usiku kucha alikuwa amekaa na jedwali la vitenzi akiichambua. Akafungua daftari akanisomea tafsiri yake: "Zimwi halikujua, halikula, likaisha."

Sikucheka, kwa sababu daftari lile lilikuwa na kazi ya mtu makini. Kila kipande alikuwa amekipigia mstari na kukitafutia maana. *Li*, aliandika, ni wakati uliopita. *Ku* ni ukanushi wa wakati uliopita. *Kula* ni kitenzi cha chakula. *Kwisha* ni kufikia mwisho. Na kila alichokiandika kimo kweli kwenye jedwali. Kosa lake lilikuwa moja tu: vipande alivijua kwa sura zao, hakuvijua kwa mahali pao.

Sisi tuliozaliwa na lugha hii hatujawahi kulihitaji jedwali hilo. Ndiyo maana mgeni akituuliza kwa nini tunasema *amekula* lakini *hajala*, wengi wetu tunamjibu kwamba ndivyo isemwavyo. Jibu lipo, na halina ugumu. Lakini ili kulifikia ni lazima kwanza tuache kulitazama jedwali kama orodha ya silabi, tulitazame kama nyumba yenye vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, ambayo mtu haruki chumba kwenda kingine bila kufuata mpangilio.

Vyumba vya kitenzi

Chukua *atakuona*. Chumba cha kwanza ni cha mtenda: *a-*, yeye. Cha pili ni cha wakati: *-ta-*, bado haijatokea. Cha tatu ni cha mtendwa, ambacho vitabu vya shule hukiita pia yambwa: *-ku-*, wewe. Cha nne ni mzizi wenyewe, *-on-*. Cha mwisho ni irabu tamati, *-a*. Ukikanusha, kinaongezeka kibaraza mbele ya chumba cha kwanza: *ha-ta-ku-on-a*, ambapo *ha* ya kukanusha na *a* ya mtenda zimeungana zikawa *ha* moja.

| Ukanushi | Mtenda | Wakati | Mtendwa | Mzizi | Irabu tamati | Neno |
|---|---|---|---|---|---|---|
| | a | ta | ku | on | a | atakuona |
| | ni | li | ki | som | a | nilikisoma |
| ha | tu | ku | wa | on | a | hatukuwaona |
| ha | i | | ni | fa | i | hainifai |

Mpangilio huu haubadiliki. Mtendwa hatangulii wakati, wala wakati hautangulii mtenda. Chumba kinaweza kuwa kitupu, kama cha wakati kilivyo kitupu katika *hainifai*, lakini vilivyobaki havibadilishani nafasi. Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipopotelea. Aliiona *ku* akaitafutia maana kabla ya kuuliza imekaa chumba gani.

Kabla ya kuirudia hiyo *ku*, kuna jambo ambalo huwaokolea wanafunzi wangu wiki nzima ya kukariri. Majedwali mengi hupanga safu mbili ndefu, moja ya viambishi vya mtenda na nyingine ya viambishi vya mtendwa, zikipita nafsi zote na ngeli zote. Mwanafunzi akiziona anadhani ana orodha mbili za kuhifadhi. Hana. Ziweke ubavu kwa ubavu uone: kitabu *kimepotea*, nimekitafuta kwa *-ki-* hiyo hiyo. Maembe *yameiva*, *nimeyachuma*. Nyumba *zimejengwa*, *wamezijenga*. Sisi *tumefika*, *wametuona*. Mtenda na mtendwa wanavaa nguo moja. Wanaobadilisha ni watatu tu katika jedwali zima: wewe, yeye na ninyi.

| Nafsi | Akiwa mtenda | Akiwa mtendwa |
|---|---|---|
| wewe | u-naona | ana-ku-ona |
| yeye | a-naona | nina-mw-ona |
| ninyi | m-naona | nina-wa-ona |

Hao watatu ndio wa kukariri. Wengine wote wakishajulikana upande mmoja wamejulikana pande zote mbili. Na hao watatu ndio wanaozaa karibu utata wote, kwa sababu kila mmoja akibadilisha nguo anaazima ya mwenzake. *M* ya ninyi mkiwa watenda ni *m* ile ile ya yeye akiwa mtendwa. *Wa* ya wao ndiyo wanayoivaa ninyi mkitendwa, kiasi kwamba *ninawaona* haisemi kama ninawaona ninyi au ninawaona wale. Wasemaji wenyewe waliona pengo hilo wakaliziba kwa kuongeza *-ni* mwishoni: *nawaombeni mnisikilize* haiwezi kuwa maneno ya kuwahusu watu walioko mbali. Baadhi ya watu wa mwambao husema *nakwambieni*, wakitumia *ku* ya mmoja na *-ni* ya wengi kwa pamoja. Kiswahili sanifu, kilichosanifiwa kuanzia miaka ya 1930 kwa msingi wa Kiunguja, kimefungua mlango zaidi kwa *wa*, lakini *nakwambieni* haijafa, na mwanafunzi akiisikia asidhani ni kosa.

Na *ku* ya wewe? Hiyo imeazima nguo ambayo watu watatu wengine wanaivaa.

Silabi moja, kazi nne

*Ku* ya kwanza ni ile inayotaja kitendo chenyewe bila mtu wala wakati: *kusoma*, *kuona*. Hii hukaa mwanzoni kabisa mwa neno, mahali pa mtenda, kwa kuwa hakuna mtenda.

Ya pili ni ya mtenda, pale kitendo kinapogeuka kuwa jina na kuongoza sentensi, au mahali panapotajwa: *kuimba kunanifurahisha*, *huko kwao kumepoa*. Nayo hukaa chumba cha kwanza, na aghlabu inafuatwa na wakati.

Ya tatu ni ya chumba cha wakati. Tukisema *niliona* kisha tukakanusha, *li* inaondoka na *ku* inaingia badala yake: *sikuona*. Hii haiji peke yake. Lazima mbele yake pawe na ukanushi, *si* au *ha* au *hu*. Mwanafunzi akiiona *ku* ya kukanusha wakati uliopita bila kuona alama ya ukanushi mbele yake, basi si hiyo.

Ya nne ni ya wewe, na makao yake ni chumba cha mtendwa, ukuta kwa ukuta na mzizi.

Sasa chukua *hakukuona*. Mgeni akiisikia mara ya kwanza hudhani msemaji amepata kigugumizi. Lakini pita chumba kwa chumba: *ha*, yeye kwa kukanusha, *ku*, wakati uliopita uliokanushwa, *ku*, wewe, *ona*. Hakuna kilichorudiwa. Au sentensi hii, ambayo huwa naiandika ubaoni siku ninapofundisha somo hili: *Kukuona kulinifurahisha.* Kuna *ku* tatu ndani ya maneno mawili na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inataja kitendo, ya pili ni wewe, ya tatu ni huko kuona kwenyewe kukiwa mtenda wa *kulinifurahisha*. Nikishaiandika, namwomba kila mtu asiniambie maana ya sentensi kwanza, aniambie kila *ku* imekaa wapi. Maana hufuata yenyewe.

Vitenzi vifupi na mkazo

Tungekuwa tumemaliza kama vitenzi vyote vingekuwa kama *soma* na *ona*. Lakini kuna kundi dogo la vitenzi ambavyo vikivuliwa *ku* vinabaki na silabi moja: *-la*, *-nywa*, *-ja*, *-fa*, *-wa*, *-pa*, na vingine vichache kama *-cha* ya alfajiri. Ni vichache, lakini hupiti nusu saa ya mazungumzo bila kuvitumia, na ndivyo vinavyovuruga jedwali la mwanafunzi. Tazama *-la* ikisimama kando ya *-soma*:

| | -soma | -la |
|---|---|---|
| sasa | anasoma | anakula |
| uliopita | alisoma | alikula |
| ujao | atasoma | atakula |
| uliotimia | amesoma | amekula |
| mazoea | husoma | hula |
| masharti | akisoma | akila |
| mfululizo | akasoma | akala |
| sasa, kukanusha | hasomi | hali |
| uliopita, kukanusha | hakusoma | hakula |
| uliotimia, kukanusha | hajasoma | hajala |
| ujao, kukanusha | hatasoma | hatakula |

Safu ya *-la* inaonekana haina utaratibu. *Ku* ipo, halafu haipo, halafu ipo tena. Wanafunzi huikariri kama walivyokariri majina ya mito ya kwao, na wiki ya pili wanaandika *nitala* na *hajakula*.

Utaratibu wake hausomwi kwa macho. Unasikika. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache ya mkopo. Sema *soma*, kisha *anasoma*, kisha *hatukumsoma*: mkazo unabaki kwenye *so*. Mzizi wa silabi mbili una nafasi ya kuupokea mkazo ndani ya nyumba yake. Mzizi wa silabi moja hauna. *-la* ndiyo silabi ya mwisho, kwa hiyo mkazo lazima uangukie silabi iliyo mbele yake, yaani kiambishi. Na viambishi havilingani nguvu. Viko vinavyoweza kuubeba mkazo, na viko visivyoweza.

Visivyoweza ni *na*, *li*, *ta*, *me* na *nge*. Hivi havikubali kusimama ukingoni na kubebeshwa mzigo. Ndipo *ku* inapoachwa ibaki, si kwa sababu ina maana yoyote pale, bali ili ibebe mkazo: *a-na-KU-la*, *a-ta-KU-la*, *a-nge-KU-la*. Vinavyoweza ni *hu* ya mazoea, *ki*, *ka*, *ku* ya kukanusha, *ja*, *ha* ya *hali*, na viambishi vyote vya mtendwa. Hivi vina mabega. Vikiwepo, *ku* haina kazi, inaondoka: *HU-la*, *a-KI-la*, *a-KA-la*, *ha-JA-la*. Rudi kwenye jedwali ulisome tena, utaona hakuna mstari hata mmoja uliotoka nje ya sheria hii. Hata *hatakula*, ambayo wengi huishangaa kwa kuwa ni ukanushi na bado ina *ku*, ina *ta*, na *ta* haibebi.

Darasani tunapiga makofi. Kila silabi kofi moja, la pili kutoka mwisho likiwa zito. Mwanafunzi aliyeandika *nitala* akipiga makofi anasikia kofi zito limeangukia *ta*, na baada ya siku chache sikio lake linakataa kabla mimi sijasema neno. Kwa kosa la upande wa pili, *akikula*, sikio halisaidii sana kwa sababu *ku* nayo ina mabega. Utaisikia *akikula* hata kwa wazawa mitaani, nao wanaeleweka vizuri kabisa. Kwa kuandika, hata hivyo, *akila* ndiyo sanifu.

Sasa angalia yanayotokea mtendwa anapoingia. Mtendwa ana mabega, kwa hiyo *ku* ya kubeba inatoka. *Amekula chakula*, lakini *chakula amekila*. *Amekunywa maji*, lakini *maji ameyanywa*. Na *simba amemla mbuzi*: isikilize hii taratibu, *a-me-M-la*. Mkazo umeangukia *m*, konsonanti isiyo na irabu. Wageni wengi hawaamini kwamba *m* inaweza kuwa silabi kamili mpaka waisikie ikibeba uzito wa neno zima namna hii. Wakiitamka *a-mem-la*, kwa silabi tatu, wanaposikiliza wenyeji hawaitambui, na wanapouliza hawaeleweki.

Tukiwa hapo hapo, muulize mwanafunzi wako sentensi hii inasema nini: *Simba atakula.*

Kama *ku* ni ya kubeba mkazo, simba atapata chakula. Kama *ku* ni ya wewe, chakula ni wewe. Maandishi ni yale yale, makofi ni yale yale, mkazo ni ule ule. Chumba cha mtendwa katika sentensi ya kwanza ni kitupu na *ku* imeshikana na mzizi. Katika ya pili *ku* imekaa chumba cha mtendwa, na ile ya kubeba imeondoka kwa kuwa haihitajiki. Huu ni utata wa kweli ndani ya lugha, na hakuna jedwali litakaloutatua. Mazungumzo ndiyo yanayoutatua, na mzazi anayemkataza mtoto kwenda porini akitaka kuwa wazi kabisa atasema *utaliwa na simba*. Wengine husema *atakukula*, wakiweka zote mbili, ili yule wa kuliwa asikike.

Kuna kitenzi kimoja kifupi ambacho hakina utata huu, nacho ni *-pa*. Hutoi tu, unampa mtu. Chumba chake cha mtendwa hakikai kitupu kamwe, kwa hiyo hakihitaji *ku* ya kubeba: *ananipa*, *walitupa*, *nitampa*. Ukiona *atakupa*, *ku* hiyo ni wewe, huna haja ya kufikiri mara mbili. Huwa naanza na *-pa* ninapofundisha *ku* ya mtendwa, kwa kuwa ndipo mahali salama kuliko pote.

*-Pa* inafundisha jambo jingine pia. Chumba cha mtendwa kina kitanda kimoja. Ukinipa kitabu, kuna watendwa wawili, mimi na kitabu, lakini anayeingia ndani ni mtu: *umenipa kitabu*. Huwezi kuandika *umekinipa*. Wanafunzi wangu wanaotoka Rwanda huona hili kama ufukara, kwa sababu Kinyarwanda huruhusu watendwa zaidi ya mmoja kujipanga ndani ya kitenzi kimoja, nao hujaribu kufanya hivyo hivyo katika Kiswahili. Kosa lao ni tofauti na la Mzungu, ambaye aghlabu huacha chumba kitupu hata panapotakiwa mtu: *nimeona mama yako*. Sarufi ya vyumba haijavunjika hapo, ila sikio la Mswahili linasubiri *nimemwona mama yako*, kwa kuwa binadamu anayejulikana hupewa nafasi yake ndani ya kitenzi hata kama jina lake linafuata. Kitabu hakidai heshima hiyo. *Nimesoma kitabu* inatosha. Nikisema *nimekisoma kitabu*, ninamaanisha kile tunachokijua mimi na wewe.

Tumrudie zimwi

Baada ya wiki mbili za makofi na vyumba nilimrudisha mwanafunzi wangu kwenye picha ya kanga. Safari hii nilimwomba asianze na maana.

*Likujualo.* Chumba cha kwanza, *li*. Mara ya kwanza aliichukua kuwa wakati uliopita, lakini wakati uliopita haukai chumba cha kwanza. Neno likianza na *li*, hiyo ni ngeli, na kwa kweli mtenda yupo kando yake tu: zimwi, la ngeli moja na jicho na jembe. Zimwi *limekuja*, mazimwi *yamekuja*. Chumba cha wakati ni kitupu. *Ku* imegusana na mzizi *-jua*, ambao una silabi mbili na haumhitaji mbebaji, wala hakuna ukanushi mbele. Kwa hiyo *ku* ni wewe. Mwishoni kuna *-lo*, kirejeshi kinacholirudia zimwi. Kirejeshi kikikaa mwisho namna hii, kitenzi hakichukui wakati, na maana huwa ya jambo la siku zote: zimwi ambalo linakujua.

*Halikuli.* Hapa ndipo alipopotea vibaya, na si yeye peke yake. *Ha*, ukanushi. *Li*, zimwi tena. *Ku*. Sasa, hii inaweza kuwa ya wakati uliopita uliokanushwa, kwa sababu *ha* ipo mbele na chumba kinaruhusu. Kinachoamua kimekaa mwisho wa neno. Wakati uliopita ukikanushwa huacha *-a* ya mwisho kama ilivyo: *halikula*, zimwi halikupata chakula. Irabu tamati inayogeuka kuwa *-i* ni ya wakati uliopo uliokanushwa peke yake, kama *hasomi* na *hali*. Neno letu linaishia na *-i*. Basi chumba cha wakati ni kitupu, na *ku* imesogea chumba cha mtendwa: *ha-li-ku-l-i*, halikuli wewe. Irabu moja ya mwisho imeihamisha silabi ya katikati kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kwa miaka yote niliyofundisha sijapata mfano mzuri kuliko huu wa kuonyesha kwa nini mtu asome neno mpaka mwisho kabla ya kuamua.

*Likakwisha.* *Li*, zimwi. *Ka*, kitendo kinachofuatana na kilichotangulia. Halafu *kw*, ambayo ni *ku* iliyokutana na irabu *i* ikabana. Mzizi ni *-isha*. Kama zimwi ndilo lingekuwa limefika mwisho tungesema *likaisha*, maana *ka* ina mabega ya kutosha. *Kw* hapa ni wewe tena, na *-isha* imebeba maana ya kumaliza: likakumaliza. Na ukanushi wa *halikuli* unaendelea kuifunika *ka* hii ingawa yenyewe haina alama yoyote ya kukanusha. Methali haisemi kwamba zimwi halikuli kisha linakumaliza. Inasema halikuli kiasi cha kukumaliza. Anayekujua, hata akiwa mbaya, atakubakizia kitu.

*Ku* tatu, zote tatu ni wewe. Tafsiri yake ya kwanza haikuwa na wewe hata mmoja.

Ili kuhakikisha kwamba ameelewa na hajakariri, nilimwomba aipeleke methali nzima wakati uliopita, kama mtu anayemkumbusha jirani yake kisa kilichompata. Alikaa kimya muda mrefu, akigonga meza kwa kidole, silabi kwa silabi. Kisha akaandika: *Zimwi lililokujua halikukula likakwisha.*

Niliyatazama maneno mawili. *Lililokujua*: *li* ya kwanza zimwi, *li* ya pili wakati uliopita, *lo* kirejeshi ambacho sasa kimehama kutoka mwisho kikaja nyuma ya wakati, *ku* wewe. Na *halikukula*: *ku* ya kwanza ukanushi wa wakati uliopita, ya pili wewe, na hakuna ya tatu, kwa sababu wewe una mabega ya kumbebea *-la* mkazo wake. Angeacha *ku* moja angepata *halikula*, na yule jirani angetoweka kwenye kisa. Angeongeza ya tatu angepata neno lisilo sanifu.

Juzi alinitumia picha nyingine kwa simu, imeandikwa kwa mkono ukutani kwenye duka la vifaa vya ujenzi: *Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.* Chini yake alikuwa ameandika: "Mwalimu, chumba cha mtenda kitupu, chumba cha wakati kitupu, kwa sababu ni amri. *M* ni mtendwa, *p* ni mzizi, *e* ni irabu ya amri yenye mtendwa. Makofi mawili, zito liko kwenye *m*."